Sunami: Wimbi Linalozaliwa Sakafuni mwa Bahari

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mara hawana haja ya kufundishwa wimbi ni nini. Aliyewahi kusubiri chombo Mwigobero mjini Musoma wakati upepo umekaza, au kuvuka kwa kivuko kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kwenda Rugezi, Ukerewe, anajua ziwa likichafuka linavyokuwa. Hata mkazi wa Butiama, ambaye huenda anaishi vilimani mbali na maji, hupata habari za ziwa siku ambayo samaki hawakufika sokoni. Ujuzi huo ni wa kweli na umeokoa watu wengi. Lakini katika habari ya sunami ujuzi huo huo unaweza kumpotosha mtu, kwa sababu sunami na wimbi la upepo vinafanana kwa jina la wimbi tu.

Jambo hili linamhusu mtumiaji wa huduma wa Mara kwa njia mbili. Kwanza, watu wa mkoa huu husafiri hadi Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar kwa masomo, biashara, matibabu na harusi, na wakifika huko hushuka ufukweni wakiwa na macho yaliyozoea ziwa. Pili, kila dunia inapotikisika mahali fulani, simu za mkononi hujaa ujumbe wa kutisha, mwingine ukidai kwamba hata ziwa letu litafurika usiku huo. Anayeelewa namna sunami inavyozaliwa ataweza kuupima ujumbe wa namna hiyo kwa akili yake mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa.

Mfano ulio bora zaidi kwetu ni ule uliotufikia. Siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, ikiwa imebaki kama dakika moja kutimia saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mchana wa siku hiyo hiyo, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, watu wasiopungua 10 walikufa maji nchini Tanzania, wengi wao wakiwa waogeleaji katika fukwe za Dar es Salaam. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi na fukwe zilijaa watu. Hakuna hata mmoja aliyehisi ardhi ikitikisika.

Yaliyotukia sakafuni mwa bahari

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole mno, kwa sentimita chache kila mwaka. Magharibi ya Sumatra, bamba linalobeba sakafu ya Bahari ya Hindi linajipenyeza chini ya bamba jirani linalobeba visiwa vya Indonesia na vya Andamani. Laiti mabamba hayo yangeteleza kwa ulaini, pasingekuwa na habari ya kuandika. Lakini miamba ina mikwaruzo, na sehemu kubwa ya mpaka huo hukwama. Bamba la chini linaendelea kusogea, nalo huivuta kingo ya bamba la juu iende chini pamoja nalo. Kingo hiyo hujikunja kwa miongo na karne, kama ubao mrefu uliobanwa upande mmoja na kukandamizwa upande wa pili.

Alfajiri ile kizuizi kiliachia. Mpasuko ulianzia karibu na Sumatra ukakimbia kuelekea kaskazini kwa takriban kilomita 1,300, kazi iliyochukua kama dakika 10. Mahali pengine mabamba yaliteleza, moja juu ya jingine, kwa zaidi ya mita 10. Ukubwa wa tetemeko ulikadiriwa kuwa 9.1, na wataalamu wengine huutaja kuwa 9.3. Kingo ya bamba la juu, iliyokuwa imekandamizwa kwa muda wote huo, ilifyatuka na kuinuka kwa mita kadhaa, na nyuma yake, upande wa mashariki, sehemu nyingine ya sakafu ilididimia.

Hapa ndipo sunami ilipozaliwa, na inafaa kulitazama jambo hili bila haraka. Eneo la sakafu lililoinuka lilikuwa refu kwa mamia ya kilomita na pana kwa makumi ya kilomita. Juu yake palikuwa na maji yenye kina cha kilomita kadhaa. Sakafu inapoinuka ghafla chini ya kidimbwi kidogo, maji hukimbilia pembeni mara moja. Lakini eneo likiwa pana kiasi hicho, maji yaliyo katikati hayana nafasi ya kukimbia kabla sakafu haijamaliza kuinuka. Kwa hiyo yote huinuliwa kwa pamoja, kuanzia tope la chini hadi povu la juu, na uso wa bahari huchukua umbo la sakafu iliyo chini yake. Panatokea kilima cha maji, kipana na cha chini, ambacho hakuna jicho lingeweza kukitambua. Kisha uzito wa maji hukivuta kilima hicho kishuke, nacho kikishuka husambaa pande zote mbili. Nusu moja ilielekea Indonesia na Thailand. Nusu ya pili ilielekea Sri Lanka, India, Maldivi na Afrika.

Kutokana na maelezo haya msomaji anaweza kuona kwamba si kila tetemeko la chini ya bahari huzaa sunami. Maji hayaogopi mtikisiko wenyewe. Kinachoyasukuma ni sakafu inayopanda au kushuka. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko jingine kubwa sana, la ukubwa wa 8.6, lilitokea katika bahari ile ile magharibi ya Sumatra. Tahadhari ilitolewa kwa nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi, na watu wengi waliingiwa na hofu wakikumbuka ya 2004. Wimbi lililotokea lilikuwa dogo tu. Safari hiyo vipande vya miamba vilipishana kwa ubavu, kama watu wawili wanaopishana katika ujia mwembamba, na sakafu ya bahari haikuinuliwa kwa kiasi cha kusukuma maji mengi. Wengine walilalamika kwamba waliondolewa ufukweni bure. Lakini dakika za mwanzo baada ya tetemeko hazitoshi kujua kwa uhakika kama miamba imepishana kwa ubavu au kwa kupandana, na tahadhari inayongoja uhakika wote huwa imechelewa.

Wimbi lisiloonekana

Wimbi la upepo, lile la ziwani, ni jambo la juu ya maji tu. Tuseme umbali kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mgongo unaofuata ni mita 20. Mtikisiko wake hupungua haraka kadiri unavyoshuka, na ukifika mita 10 chini, yaani nusu ya umbali ule, maji yametulia. Ndiyo maana dhoruba inaweza kupindua mtumbwi juu huku chini kabisa mambo yakiwa shwari. Wimbi la namna hiyo hupita katika sekunde chache, na jingine hufuata.

Sunami husogeza maji yote, kutoka juu hadi sakafuni, kwa sababu sakafu ndiyo iliyoyasukuma. Kwa kuwa ni hivyo, mwendo wake hautegemei upepo wala ukubwa wa tetemeko. Hutegemea kina cha bahari peke yake. Hesabu yake ni rahisi na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya: chukua kina kwa mita, zidisha kwa 10 (ambayo ni nguvu ya mvutano wa dunia, ikiwa imekadiriwa kidogo), kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mwendo kwa mita katika kila sekunde.

Sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ina kina cha takriban mita 4,000. Mara 10 ni 40,000, na kipeuo chake cha pili ni 200. Mita 200 kwa sekunde ni sawa na kilomita 720 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria. Tuipime hesabu hiyo kwa tukio lenyewe. Kutoka Sumatra hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 6,000, na kwa mwendo huo safari ingechukua kati ya saa nane na saa tisa. Tetemeko lilitokea karibu na saa 10 alfajiri. Maji yalianza kuvurugika katika mwambao wetu mchana, baada ya muda wa kiasi hicho hicho. Hesabu ya kwenye karatasi na saa ya ukutani zilikubaliana.

Kwa mwendo kama huo mtu angetarajia ukuta wa maji unaovuka bahari kwa kishindo. Haikuwa hivyo. Saa mbili hivi baada ya tetemeko, setilaiti zinazopima kimo cha uso wa bahari zilipita juu ya Bahari ya Hindi na kukuta wimbi limeinuka kwa takriban sentimita 60 tu. Tena kuinuka huko kulisambaa katika umbali mkubwa mno. Sunami ya namna hii inaweza kuchukua kama nusu saa kati ya mgongo na mgongo, na kitu kinachokwenda kilomita 720 kwa saa husafiri kilomita 360 katika nusu saa. Huo ni umbali unaokaribiana na urefu wa Ziwa Victoria zima, kutoka kaskazini hadi kusini. Baharia aliyekuwa katikati ya bahari aliinuliwa kwa kimo cha goti kwa muda wa dakika nyingi, kisha akashushwa, wala hakujua kilichopita chini yake. Neno sunami lenyewe ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini: bandarini ndiko linakoonekana.

Kwa nini hukua likikaribia nchi kavu

Fikiri kundi kubwa la ng'ombe linaloshuka mlimani kwenda kunywa maji. Wanaotangulia wakifika penye tope hupunguza mwendo. Walio nyuma bado wako kwenye ardhi kavu na wanakuja kwa kasi ile ile ya mwanzo. Baada ya muda mfupi kundi lililokuwa limenyooka kwa umbali mrefu limejibana mahali pamoja, kifua kwa mgongo. Idadi ya ng'ombe haikuongezeka. Nafasi ndiyo iliyopungua.

Sunami hufanya hivyo hivyo inapoingia katika maji ya kina kifupi. Turudi kwenye hesabu yetu. Penye kina cha mita 40 mwendo ni mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Penye kina cha mita 10 ni mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Wimbi lililokuja kwa mwendo wa ndege sasa linakwenda kwa mwendo wa bodaboda ya mjini. Sehemu yake ya mbele imepunguza mwendo, ya nyuma bado inasukuma, na umbali wa kilomita 360 umebanwa hadi kilomita 18. Nguvu iliyokuwa imetandazwa katika eneo kubwa na katika kina cha kilomita nne sasa lazima ienee katika kina cha mita 10. Haina mahali pa kwenda ila juu.

Je, linakua kiasi gani? Mtu anaweza kudhani kwamba mwendo ukipungua mara 20, kimo nacho huongezeka mara 20. Sivyo. Nguvu ya wimbi hufuata kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, yaani wimbi lenye kimo maradufu hubeba nguvu mara nne. Kwa hiyo kimo huongezeka kwa kipeuo cha pili cha 20 tu, ambacho ni kama 4.5. Wimbi la nusu mita katikati ya bahari hufika ufukweni likiwa na kimo cha mita mbili na robo hivi. Huo ndio msingi, na umbo la pwani huongeza au kupunguza. Ghuba inayosinyaa kuelekea ndani huyabana maji kutoka pande mbili na kuyainua zaidi. Mteremko wa nchi kavu huyaacha maji yapande kwa kasi yake juu ya kimo cha wimbi lenyewe. Karibu na chanzo, katika mwambao wa Aceh nchini Indonesia, maji yalipanda mahali pengine hadi zaidi ya mita 30 juu ya usawa wa bahari, na wimbi la kwanza lilifika katika muda wa kama dakika 20.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, kimo si jambo la kuhofiwa kuliko yote. Mita mbili ni kimo ambacho mvuvi wa ziwani amewahi kukiona siku ya dhoruba. Tofauti iko katika urefu. Wimbi la dhoruba lenye kimo cha mita mbili huvunjika, hupiga mchanga na kurudi, yote katika sekunde chache. Wimbi la sunami la mita mbili, hata baada ya kubanwa, lina kilomita 18 za maji nyuma yake. Linapofika halirudi. Maji huendelea kuingia kwa dakika 10 au 15 bila kupumzika, kama mto uliogeuza njia, na kila mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Hubeba mitumbwi, magogo, magari na mabati, na hivyo vyote hugeuka kuwa silaha. Kisha maji yale yale hurudi baharini kwa nguvu ileile, yakiwa na yote yaliyoyachukua. Mwogeleaji hodari wa Musoma hana la kufanya ndani ya maji ya namna hiyo, kwa sababu hapigani na wimbi. Amo ndani ya mkondo.

Jioni ya siku ile dunia ilianza kuhesabu wafu, na hesabu ikaishia zaidi ya watu 220,000.

Kwa nini Dar es Salaam haikuwa kama Somalia

Wimbi lililotufikia ndilo lililofika Somalia, lakini huko liliua watu karibu 300, hasa katika eneo la Hafun upande wa kaskazini mashariki. Sababu moja ni mwelekeo. Mpasuko ulikuwa mrefu kutoka kusini hadi kaskazini, na kilima cha maji kilichozaliwa juu yake kilirusha nguvu zake nyingi kwa upande wa ubavu, yaani mashariki na magharibi. Pembe ya Afrika iko magharibi. Tanzania iko kusini magharibi, kando ya njia kuu ya nguvu hiyo, na katikati kuna maji ya kina kifupi ya eneo la Shelisheli yaliyopunguza sehemu ya wimbi.

Sababu ya pili ilikuwa bahati. Mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo, maana yake bahari ilikuwa katika bamvua, kipindi ambacho maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Wimbi lilitufikia wakati maji yako chini. Kama lingefika wakati maji yamejaa, lingepanda juu ya mita kadhaa zaidi za maji zilizokwisha kufika ufukweni. Hata hivyo maji yaliendelea kupanda na kushuka kwa saa nyingi, na vipimo vya kina vya Lamu na Zanzibar viliyaandika mabadiliko hayo.

Sababu ya tatu haihusu maji. Nchini Kenya habari za maafa ya Asia ziliwafikia wenye mamlaka mapema, na watu waliondolewa katika fukwe za Mombasa kabla ya wimbi. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Sisi tulipoteza wasiopungua 10, kwa wimbi lile lile, lililotumia muda zaidi kufika kwetu. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Kituo cha Hawaii kinachohudumia Bahari ya Pasifiki kilitoa taarifa yake ya kwanza kama robo saa baada ya tetemeko, lakini hapakuwa na njia iliyopangwa ya kuifikisha taarifa hiyo kwa mwogeleaji wa Afrika Mashariki.

Wala 2004 haikuwa mara ya kwanza. Katika ghuba ya Pangani, mkoani Tanga, watafiti walifukua tabaka la mchanga ulioletwa na bahari pamoja na mifupa ya watu, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza kwamba ni alama za sunami iliyopiga makazi hayo takriban miaka 1,000 iliyopita. Wakazi wale nao wangeweza kuwa na saa nyingi za kukimbia, kama mtu yeyote angejua.

Je, Ziwa Victoria?

Swali hili lina jibu la wazi kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya ziwa letu hakuna mabamba mawili yanayopandana kama yale ya Sumatra. Matetemeko ya ukanda wetu yanatokana na ardhi kuvutwa na kupasuka, na mengi ni madogo au ya kati. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, likabomoa maelfu ya nyumba na kuua watu wasiopungua 16. Halikuleta wimbi la maafa ziwani. Ukiwa unalilinganisha na lile la Sumatra, kumbuka kwamba namba za kipimo hiki hazipandi kama hatua za ngazi: kila namba nzima moja ni nguvu mara 32 hivi. Tetemeko la 9.1 lilitoa nguvu zaidi ya mara 60,000 kuliko la Kagera.

Tena ziwa lina maji machache. Wastani wa kina chake ni takriban mita 40, na penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80. Bahari iliyoinuliwa Sumatra ilikuwa na kina mara makumi ya hicho. Hatari za ziwani ni upepo wa ghafla na vyombo vilivyozidiwa na mzigo au abiria. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ujumbe wa simu unaomwonya mkazi wa Bunda juu ya sunami kutoka ziwani unaweza kufutwa bila wasiwasi.

Kuipima tahadhari, na kuitii

Kwa aliye pwani mambo ni tofauti. Tangu mwaka 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wake, ambapo vituo vya Australia, India na Indonesia hufuatilia matetemeko na kimo cha bahari na kutuma taarifa kwa nchi zote za ukanda huu. Hapa kwetu taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na ndiyo yenye jukumu la kuitangaza tahadhari ya sunami. Tahadhari ya kweli hutaja mahali na saa ya tetemeko, ukubwa wake, maeneo yanayotishiwa na saa ambayo wimbi la kwanza linatazamiwa. Inaweza kutaja saa hiyo kwa sababu kina cha bahari kinajulikana na hesabu ni ile tuliyoifanya hapo juu.

Msomaji atambue kipimo kimoja kisichoshindwa. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku wala saa ya tetemeko kabla halijatokea. Kwa hiyo ujumbe unaosema kwamba sunami itapiga Dar es Salaam kesho kutwa ni wa uongo, hata ukiwa na nembo ya taasisi unayoiheshimu. Tahadhari huja baada ya tetemeko, na kutoka Sumatra hadi kwetu nafasi iliyobaki huwa ni saa, si siku.

Ukiwa ufukweni na maji yakarudi nyuma ghafla, mwamba na mchanga usiojulikana ukabaki wazi, hilo ni bonde la wimbi limetangulia na mgongo unakuja. Katika mataifa mengi wengi waliangamia mwaka 2004 kwa sababu waliingia kuokota samaki na kombe. Lakini usiifanye dalili hiyo kuwa sharti. Upande wa mashariki wa mpasuko, ambako sakafu ilididimia, maji yalianza kwa kurudi. Upande wa magharibi, ulio wetu, mgongo ndio uliotangulia. Maji yanayopanda kwa kasi isiyo ya kawaida, wakati ambapo hayakutarajiwa kujaa, ni dalili tosha.

Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chanzo cha tetemeko, wazee walikuwa wamewasimulia vijana habari za wimbi la mwaka 1907, kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu watu wakimbilie vilimani. Walikimbia, na katika kisiwa chenye makumi ya maelfu ya watu walikufa saba. Sisi tuko mbali mno na Sumatra kuweza kuutegemea mtikisiko. Ukiuhisi kwa nguvu ukiwa pwani, maana yake chanzo kiko karibu na dakika ni chache. Ondoka papo hapo bila kungoja tangazo. Usipouhisi, redio na tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa ndivyo vitakavyokufikia kwanza.

Nenda mbali na maji na mahali pa juu. Ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara inafaa kuliko kukwama barabarani. Aliye ndani ya chombo afuate amri ya nahodha na asidai kuteremshwa gatini: katika kina kirefu wimbi bado ni la chini, na bandarini ndiko linakovunja vyombo. Na asirudi yeyote kuchukua mali baada ya maji kushuka. Mgongo wa pili unaweza kuwa nusu saa nyuma ya wa kwanza na kuupita kwa kimo, na mingine hufuata kwa saa nyingi. Ufukwe hufunguliwa Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishaondoa tahadhari.